Upepo wa Makambako na Mwangwi wa Ukumbi



Kwa kuwa tumeazimia kunasa sauti za wazee wetu wa Kibena wakisimulia habari za zamani, na chombo tulicho nacho ni simu ya mkononi tu, twaomba ruhusa kunena juu ya adui wawili wa kazi hii. Mzee wa miaka tisini hawezi kuombwa asimulie upya kila tunapoharibu.

Adui wa Makambako ni upepo. Waliokwenda kuupima kwa ajili ya umeme waliukuta, kwa kimo cha mita 30, una wastani wa karibu mita 9 kwa sekunde. Wengi hudhani kwamba ngurumo isikikayo katika simu ni sauti iliyokuwako uwanjani. Sivyo. Huzaliwa pale pale penye tundu la maikrofoni, hewa iendayo mbio inapoligonga. Basi dawa ni kulizungushia tundu hilo hewa tulivu.

Sponji iliyobanwa juu ya tundu huzuia pumzi ya msemaji, lakini upepo wa namna ile huishinda. Twafanya kizimba cha waya chenye upana wa sentimita 15 hivi. Ncha ya simu yenye maikrofoni huingia katikati bila kugusa waya. Kizimba huvikwa soksi nyembamba ya kike, na juu yake kitambaa chenye manyoya marefu, kikafungwa vema kuizunguka simu. Kisha twanasa nusu dakika ya ukimya na kuisikiliza. Ngurumo ikiwapo bado, tuhamie nyuma ya nyumba. Upepo ukiizidi nguvu maikrofoni, sauti hukatika, na hakuna fundi awezaye kuirudisha.

Wapo watakaosema, twende ndani. Huko Njombe ukumbi una sakafu ya saruji na kuta tupu. Piga kofi moja, nawe utasikia likirudi likitetema. Hapo jambo la kwanza ni umbali. Simu ikitoka mita moja na kuwekwa nusu mita kutoka kinywani, nguvu ya sauti ya mzee ifikayo moja kwa moja huwa mara nne, na mwangwi wa chumba hubaki karibu vile vile. Hakuna blanketi lishindalo hilo.

Hata hivyo mablanketi mazito hayapungui Njombe, kwa baridi ile. Tuyatundike nyuma ya mzee na nyuma ya simu, yakiwa mbali na ukuta kadiri ya upana wa kiganja, maana yakiulalia ukuta hunywa sauti nyembamba tu na kuziacha zile nzito. Tena mzee asikae katikati ya chumba kamili. Kisha tupige kofi tena.

Mvua ya bati haina blanketi. Ikianza, tusimamishe kazi, tumpe mzee chai, tungoje.