Kusukuma Mkokoteni wa Maji

Mitungi 10 ya lita 20 ina kilo 200 za maji. Ukisukuma mkokoteni huo ukiwa wima, mpini hukurudisha nyuma, nao mgongo huchoka. Nyoosha mikono, uegemee mbele mwili mzima kama ngazi ukutani, bila kupinda kiuno. Hapo miguu hubaki nyuma yako, na nyonga na mapaja husukuma ardhi vizuri.

Kwenye tambarare misuli husukuma tu, haishushi mzigo. Kwa hiyo kesho yake haiumi sana. Mteremkoni ni kinyume: unauzuia mkokoteni, misuli hunyooka ikiwa imebeba mzigo, na kesho mapaja huuma. Huko punguza mitungi.