Nafasi ya kazi ikisimamishwa, umwandikie nini afisa ajira?

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na nafasi nyingi za kazi katika mashirika ya misaada zikakwama. Labda nawe ulishafanya usaili, kisha ukapokea ujumbe: "Nafasi imesimamishwa."

Jibu ndani ya siku mbili, kwenye barua pepe ileile, ili jina lako na nafasi uliyoomba vionekane pamoja. Usimlaumu, si yeye aliyekata bajeti. Andika hivi:

"Asante kwa kunijulisha. Naomba kujua: nafasi ya mhamasishaji wa afya inasubiri fedha, au imefutwa? Ikirudi, matokeo ya usaili wangu yatatumika, au nitaomba upya? Nikiuliza tena baada ya wiki sita, itafaa?"

Akijibu kwamba inasubiri, andika tarehe hiyo mahali, na ikifika uulize mara moja tu. Akisema imefutwa, mwombe akuweke kwenye orodha ya akiba kwa kazi zinazofanana. Asipojibu kabisa, ihesabu imefutwa.

Wakati wote huo endelea kuomba kwingine. Nafasi iliyosimamishwa si ahadi ya kazi.