Barua ya Kusahihisha Ankara

Leo tuko Mafubira, hapa Jinja, na tatizo ambalo wafanyabiashara wengi hulijua siku mhasibu anapokataa karatasi zao.

Chukua mfano wa karakana ya milango na madirisha ya chuma. Mwenyewe alianza peke yake, na mwezi Januari akajiunga na programu ya simu ya kutunza hesabu za mauzo. Alipoulizwa jina na nambari ya kodi, akaweka jina lake na TIN yake mwenyewe. Tarehe 10 Machi akaandikisha kampuni kwa msajili, URSB. Kampuni ikapata TIN yake, na kuanzia tarehe 1 Aprili ikaandikishwa kwa VAT. Kwenye programu hakugusa kitu. Kila tarehe 1 ya mwezi ankara inakuja kwa jina lile la zamani: shilingi 118,000, ndani yake 18,000 za VAT.

Sasa ni Septemba. Kampuni ndiyo inayolipa, lakini mbele ya URA mnunuzi ni mtu mwingine kabisa. Mtoa huduma akiwa anatumia EFRIS, ankara humfuata mwenye TIN iliyoandikwa juu yake. Kwa hiyo manunuzi hayo yanaonekana kwa mwenyewe, na kampuni haiwezi kudai ile VAT. Kwa miezi sita, Aprili hadi Septemba, ni shilingi 108,000.

Dawa ni kumwandikia mtoa huduma barua ya kuomba ankara zisahihishwe. Lakini ngoja kidogo. Ankara za Januari na Februari zisiguswe, na hata ile ya tarehe 1 Machi iachwe, kwa sababu siku hiyo kampuni ilikuwa bado haijazaliwa. Ukiomba zibadilishwe, unaomba karatasi iseme uongo, na mkaguzi atakayelinganisha tarehe na cheti cha URSB ataliona hilo mara moja. Hapo ndipo wengi wanapoponzwa na tamaa ya kusafisha kila kitu kwa mpigo.

Barua yenyewe iwe fupi. Sikiliza namna inavyoweza kusomeka:

“Kwa Idara ya Ankara. Yahusu: kusahihisha jina na TIN kwenye ankara sita. Akaunti yetu ilifunguliwa kwa jina la mwenye biashara kabla kampuni haijaandikishwa. Ankara za tarehe 1 Aprili hadi 1 Septemba, ambazo nambari zake tumeziorodhesha hapa chini, zimebeba jina na TIN yake, ingawa aliyenunua na kulipa ni kampuni. Tunaomba mzifute kwa kredit noti, kisha mtoe mpya kwa jina na TIN ya kampuni kama zilivyo kwenye vyeti tulivyoambatanisha. Kiasi, huduma na miezi iliyolipiwa vibaki vilevile. Tunaomba pia mbadilishe taarifa za akaunti kabla ya ankara ya Oktoba.”

Chini yake weka orodha: nambari ya kila ankara, tarehe na kiasi. Ambatanisha cheti cha URSB, cheti cha TIN, cha VAT, na ushahidi kwamba malipo yalitoka kwenye akaunti ya kampuni. Jina liandike herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti, pamoja na “Limited” mwishoni. TIN ina tarakimu kumi. Mwombe mtu mwingine akusomee kwa sauti huku wewe ukiitazama.

Kwa nini kredit noti? Kwa sababu ankara iliyokwisha kuingia EFRIS haifutwi kwa kalamu wala kuhaririwa. Mtoa huduma anaomba kuitengua, URA inaidhinisha, ndipo anatoa nyingine. Hilo huchukua muda, na mwenye programu akikutumia karatasi iliyobadilishwa jina tu bila nambari mpya ya EFRIS, usiipokee.

Mwenye programu akiwa nje ya nchi, hali ni tofauti. Wengine, ukibadilisha taarifa za akaunti, ankara za zamani unaweza kuzipakua upya zikiwa zimesahihishwa. Wengine hubadilisha zijazo tu. Muulize kwa maandishi, na jibu lake ulihifadhi pamoja na ankara za zamani. Usizichane zile za kwanza: ndizo zinazoeleza kredit noti ilitoka wapi.

Ankara mpya zikifika, usitosheke na kutazama jina. Ingia tovuti ya URA na uhakikishe nambari ya EFRIS ya kila moja. Jina litakalotokea liwe la kampuni yako. Ritani ya VAT ya Septemba inatakiwa kufika kabla ya tarehe 15 Oktoba kupita, kwa hiyo tafadhali, barua hii ipeleke wiki hii, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa au barua pepe yenye tarehe.