Kujaza Safu ya Sauti na Safu ya Mdomo katika Karatasi ya Fremu
Mada iliyowasilishwa kwa wachora katuni na wahariri wa vipindi vya watoto



Waandaaji waliniomba niizungumzie karatasi ya fremu kwa ujumla wake: safu, alama na matumizi. Nitafanya hivyo kwa kifupi, maana wengi mliomo humu mnaijua. Muda wangu mwingi utakwenda kwenye safu mbili tu, ya sauti na ya mdomo, kwa sababu ndizo zinazorudi mezani kwangu na makosa yaleyale kila msimu. Niseme pia mapema kwamba maoni haya ni yangu. Ofisi yangu imeniruhusu kuja, haijayapitisha.

Maelezo ya awali

Karatasi ya fremu ni jedwali ambalo kila mstari wake ni fremu moja, na wakati husomwa kutoka juu kwenda chini. Kushoto kuna safu ya kitendo, kisha safu ya maneno yanayosemwa, kisha safu za michoro kwa tabaka (mwili, mkono, kichwa, mdomo), na kulia kabisa maelekezo ya kamera. Ukiandika jina la mchoro na kuvuta mstari wima chini yake, mchoro huo utabaki kwenye picha mpaka jina jingine liandikwe. Katika karatasi za zamani mtakuta mstari mzito kila baada ya fremu 16. Futi moja ya filamu ya milimita 35 ilikuwa na fremu 16, ndiyo sababu. Msihesabie sekunde hapo. Sinema huenda kwa fremu 24 kwa sekunde, na televisheni yetu, iliyorithi mfumo wa PAL, kwa fremu 25. Mifano yangu yote ni ya 25, yaani kila fremu ni sehemu 4 za mia za sekunde.

Kwa midomo nitatumia herufi. A ni midomo iliyofungwa, ya m, b na p. B ni meno yaliyokaribiana na midomo wazi kidogo, ya t, s, k, n na irabu i. C ni wazi wastani, ya e. D ni wazi kabisa, ya a. E ni mviringo wa o. F ni midomo iliyochongoka, ya u na w. G ni meno juu ya mdomo wa chini, ya f na v. H ni ulimi ulioinuliwa, wa l. X ni mdomo uliopumzika. Kuna chati nyingine nyingi, na ya Mmarekani Preston Blair ndiyo iliyonakiliwa kuliko zote, lakini ilichorwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza. Hayo yanatosha kwa utangulizi.

Tatizo lenyewe

Karatasi zetu hujazwa kutoka kwenye maandishi badala ya sauti. Kiswahili huandikwa kama kinavyosemwa, silabi zake ziko wazi, na hapo ndipo tunaponaswa. Kijana anachukua skripti, anahesabu silabi, anaangalia sentensi imeanzia fremu ipi na kuishia ipi, anagawanya, kazi imekwisha. Hakuvaa hata spika za masikioni. Ukimuuliza, anakwambia silabi zote amezipa nafasi sawa. Ni kweli amezipa, ila msemaji hakuzipa.

Msemaji wa Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi hiyo huvutwa kuliko wenzake. Zaidi ya hapo, kuna m inayosimama peke yake kama silabi, na kuna m inayojibana tu na konsonanti inayofuata. Katika neno mbali, mb hupita upesi: midomo inafungwa, inaachia, a inavutwa. Katika mbwa, m ni silabi kamili, na ndiyo yenye mkazo. Midomo hukaa imefungwa muda mrefu kuliko inavyofunguka. Kwenye skripti maneno haya mawili yanaanza kwa herufi zilezile, na aliyejaza kwa macho atayapa midomo ileile.

Mfano mmoja

Tuchukue sentensi ya mtoto aliyekuja mbio jikoni: “Mama, mbwa amekula mkate!” Sauti imerekodiwa, imehaririwa, na msomaji wa sauti ameipitisha kwenye wimbi polepole, akisikiliza vipande vidogo vidogo na kuandika kila sauti ilipoanzia. Neno Mama linaanza fremu ya 13 na kuisha 25. Mtoto anavuta pumzi kuanzia 26 hadi 33, mdomo X. Sehemu iliyobaki imekaa hivi:

| Fremu | Sauti | Mdomo |
|---|---|---|
| 34–40 | m (na b) | A |
| 41–42 | w | F |
| 43–49 | a + a | D |
| 50–51 | m | A |
| 52–53 | e | C |
| 54–60 | ku | F |
| 61–62 | l | H |
| 63–65 | a | D |
| 66–69 | m | A |
| 70–77 | ka | D |
| 78–79 | t | B |
| 80–84 | e | C |
| 85 | kimya | X |

Tazameni fremu 43 hadi 49. Skripti ina a mbili, ya mwisho wa mbwa na ya mwanzo wa amekula, lakini mtoto hakuzitenganisha. Ni D moja. Ukiweka B katikati ili kila a ipate mdomo wake, utamwona anatafuna. Tazameni pia ku, 54 hadi 60: k haikupewa mdomo wake, kwa sababu midomo ya msemaji huchongoka kwa ajili ya u kabla k haijaisha. Sauti zinazotengenezwa nyuma ya kinywa, k na g, mara nyingi hazihitaji mchoro. Za midomoni, m, b, p, f na v, haziachwi kamwe, maana hata mtoto wa miaka mitatu hujua mtu hawezi kusema mama mdomo wazi.

Sasa tujaze kwa mtindo wa kugawa sawa. Kutoka 34 hadi 84 ni fremu 51, na silabi ni 9: m, bwa, a, me, ku, la, m, ka, te. Kila moja inapata fremu 5 au 6. Kwa hesabu hiyo m ya mkate inaangukia fremu 68 hadi 73. Lakini sauti ya ka, iliyo kubwa kuliko zote katika neno lile, ilianza fremu ya 70. Kwa fremu nne mtoto anapiga kelele huku midomo imefungwa. Mwanzo wa sentensi uko sawa na mwisho wake uko sawa, na hiyo ndiyo hatari: mkaguzi anayeangalia ncha mbili tu ataipitisha.

Kuhusu kutanguliza picha

Wachoraji wengi huutanguliza mdomo mbele ya sauti kwa fremu moja au mbili, kwa sababu jicho husamehe mdomo uliowahi kuliko uliochelewa. Nakubaliana nao. Ninachokilalamikia ni kwamba haijulikani nani anatanguliza. Msomaji wa sauti anapunguza fremu mbili akidhani anasaidia, mchoraji naye anapunguza mbili zake, na mdomo unakuwa fremu nne mbele. Hiyo ni zaidi ya moja ya saba ya sekunde, na inaonekana. Safu ya sauti iandikwe pale sauti ilipo hasa. Kutanguliza kufanyike kwenye safu ya mdomo, na mtu mmoja.

Midomo iliyofungwa ipewe angalau fremu mbili. Ikipata moja, jicho halitaikamata. Msemaji akiwa na haraka na m ikapata fremu moja tu, chukueni ya pili kutoka kwenye irabu iliyotangulia. Msiichukue kwenye irabu inayofuata, maana hapo mdomo utachelewa. Mwili unaweza kuendelea kwenda fremu mbilimbili kwa mchoro. Mdomo una tabaka lake, kwa hiyo hakuna kinachouzuia kubadilika kwa fremu moja.

Jinsi ya kulitambua kosa

Kipande kikirudi kikiwa hakilingani, kabla ya kumlaumu mtu, angalieni kosa linavyokua. Likiwa dogo mwanzoni na kubwa zaidi kadiri kipande kinavyoendelea, karatasi ilihesabiwa kwa fremu 24 na kuchezwa kwa 25, au kinyume chake: kila sekunde inakuwa na tofauti ya fremu moja, na baada ya sekunde kumi mnaachana kwa fremu kumi. Likiwa lilelile tangu mwanzo hadi mwisho, faili la sauti limesogea kwenye programu, au kimya cha mwanzoni kimekatwa. Likiwa linakuja na kuondoka, neno hili sawa, neno lile si sawa, basi karatasi ilijazwa kutoka kwenye skripti. Kwangu hili la tatu ndilo la kawaida, na ndilo pekee lisilorekebishwa kwa kusogeza faili. Linajazwa upya.

Lawama si ya vijana peke yao. Nimeletewa skripti pamoja na barua inayotaka midomo ianze kuchorwa wakati wasemaji hawajaitwa studio. Nimeletewa sauti ya muda, tukaijazia, kisha ikaja sauti ya mwisho yenye msemaji mwingine na maneno mengine, na tarehe ya kurusha kipindi haikusogezwa. Sitaki kusema zaidi ya hapo katika kikao hiki. Ila mtu akishajaza karatasi tatu za sauti isiyotumika, ya nne ataigawa sawa kwa kalamu na kwenda nyumbani, na sioni cha kumjibu.

Mapendekezo

Ninapendekeza karatasi ya midomo isifunguliwe kabla sauti ya mwisho haijasainiwa na mwongozaji. Skripti itumike kusomea tu, isitumike kuhesabia.

Jina la faili la sauti na toleo lake viandikwe kwenye kichwa cha karatasi, pamoja na idadi ya fremu kwa sekunde. Nafasi ya kuandikia ipo katika karatasi nyingi, na huachwa wazi.

Msomaji wa sauti apewe siku zake kwenye ratiba. Kwa sasa kazi hii hupewa yeyote aliyebaki ofisini.

Kila ofisi iamue nani anatanguliza mdomo na kwa fremu ngapi, iandike ukutani. Mimi napendekeza mchoraji, fremu mbili kwa midomo iliyofungwa na moja kwa mengine, lakini ofisi inayoamua vingine na kushikilia uamuzi wake itakuwa na nafuu kuliko isiyoamua.

Chati ya midomo ichorwe upya kwa irabu tano zetu, na mkaguzi akague m zote, zinazosimama peke yake na zinazojibana, badala ya ncha mbili za sentensi.

Nirudie lile la kwanza, kwa kuwa nimeliandika katika taarifa za nyuma bila kujibiwa: sauti ya mwisho itangulie karatasi. Mlio na mamlaka ya kupanga ratiba, ambao wengine mmeketi safu ya mbele, nawaomba mliingize hili katika mikataba ya msimu ujao kabla ya kutugawia vipindi.