Mota Isiyo na Sumaku: Akiba Yake na Sharti Lake

Maelezo kwa wenye mashine za kusaga, Kitai, Wilaya ya Mbinga



Baadhi yenu mmetuuliza kama inafaa kuing'oa mota ya kawaida ya mashine ya kusaga na kufunga ile inayosifiwa kula umeme kidogo ilhali haina sumaku ndani yake. Kabla ya kujibu, yafaa tuone umeme hupotelea wapi.

Tuchukue mota ya kawaida ya kilowati 11. Umeme wa fezi tatu ukipita katika nyaya zake za shaba hutengeneza nguvu ya sumaku inayozunguka mara 1500 kwa dakika. Rota iliyo katikati huifuata kwa kuchelewa, tuseme mara 1460. Haina budi kuchelewa, kwani kuchelewa huko ndiko kunakozalisha ndani yake mkondo unaoifanya ivutwe. Lakini mkondo huohuo huipasha moto. Mizunguko 40 katika 1500 ni karibu asilimia 2.7, na sehemu kama hiyo ya nguvu inayoingia katika rota hugeuka joto, yaani wati 300 hivi mashine inaposaga kwa mzigo kamili.

Rota ya mota mpya ni mabamba ya chuma yaliyokatwa mianya. Nguvu ya sumaku hupita kwa wepesi katika chuma na kwa taabu katika mianya, hivyo rota hujigeuza daima ili kuipa njia nyepesi. Nguvu ikizunguka, rota huandamana nayo mara 1500 kamili. Pasipo kuchelewa hapana mkondo wa kuipasha moto, na joto lile karibu lote hutoweka. Kwa kuwa kinachovutwa ni chuma chenyewe, hakuna haja ya sumaku za kudumu, ambazo ni ghali na hudhoofika zikipata joto kali.

Hata hivyo, akiba haifikii wati 300 zote, maana mota hii huvuta mkondo mkubwa zaidi katika nyaya zake. Tena haiwezi kuanza kwa kuunganishwa moja kwa moja na umeme wa nguzo. Huhitaji kidhibiti kasi, ambacho mafundi hukiita inveta. Nacho hupoteza takriban asilimia 2 hadi 4 ya umeme unaopita, na kwa mashine inayosaga kwa kasi ileile siku nzima, hasara hiyo yaweza kuimeza akiba yote.

Faida huonekana pale kasi inapohitaji kupunguzwa. Feni ikipunguziwa kasi kwa sehemu moja ya tano, nguvu inayohitaji hushuka hadi karibu nusu.

Basi, kabla ya kulipa, someni kibao cha mota: mizunguko 1500 kamili, badala ya 1460, huonyesha kuwa rota haichelewi. Kisha mtakeni muuzaji ataje bei ya mota pamoja na inveta inayolingana nayo. Akiwaambia kuwa inveta haihitajiki, msinunue.