Burse ya Kazi: Kabla ya Kusaini, na Namna ya Kukataa



Matokeo ya mitihani ya serikali yakishatoka, huanza mbio za kutafuta minervali. Hapo ndipo familia nyingi hupata bahati yenye masharti. Hospitali fulani, kanisa au shirika linasema: tutamsomesha binti yenu uuguzi, tutalipa masomo, chumba na vitabu, naye akimaliza atatufanyia kazi miaka mitano. Karatasi inaletwa nyumbani, ndugu wanakusanyika, baba mkubwa anashukuru kwa sala, na binti anapewa kalamu. Wakati huo, mtu pekee anayetazamiwa kukaa kimya ni yule atakayefanya hiyo kazi.

Leo nataka kumtetea binti anayerudisha kalamu mezani. Simtetei kwa sababu kazi ya kijijini ni mbaya. Ituri inahitaji wauguzi wa vijijini kuliko kitu kingine chochote, na hospitali inayotoa pesa zake ili ipate muuguzi ina haki ya kumdai. Namtetea kwa sababu karatasi nyingi za namna hii zinaeleza vizuri sana deni la mwanafunzi, na hazisemi chochote kuhusu deni la mfadhili.

Tuanze na sheria, maana wengi wanaogopa kitu kisichokuwepo na hawaogopi kilichopo. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 16, inakataza kumlazimisha mtu kazi. Kwa hiyo hakuna polisi atakayekufunga pingu akurudishe kwenye kituo cha afya kwa sababu ulisaini miaka mitano. Lakini kontra yenyewe ni halali. Sheria yetu ya mapatano, ile ya tarehe 30 Julai 1888 inayotumika hadi leo, inasema katika kifungu cha 33 kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana. Ukiacha kazi, unachodaiwa ni pesa. Na kama kiasi cha pesa hiyo kimeandikwa kwenye karatasi, usitegemee kwamba siku ya mahakama hakimu atakuonea huruma akipunguze.

Sasa tufanye hesabu. Namba ninazotoa ni za mfano. Wewe weka zako. Tuseme masomo ni ya miaka mitatu, na mfadhili anatumia dola 900 kila mwaka. Jumla ni dola 2,700. Kwa familia ya mwalimu au ya mama anayeuza samaki sokoni, hizo ni pesa nyingi mno, na ndiyo maana macho yote yanabaki hapo. Lakini tazama upande wa pili. Tuseme mfadhili atamlipa muuguzi huyo dola 80 kwa mwezi, wakati hospitali nyingine ingemlipa 150. Tofauti ni dola 70. Miaka mitano ni miezi 60. Zidisha, utapata dola 4,200. Burse ya dola 2,700 imelipwa kwa dola 4,200 za jasho. Huenda bado inafaa, maana bila burse pengine kusingekuwa na diploma kabisa. Lakini familia inapaswa kujua kwamba iliyo mezani ni mkopo wenye bei yake, na kwamba atakayeulipa ni binti.

Kitu cha kwanza ninachokitafuta kwenye karatasi kama hiyo ni siku ambayo miaka mitano inaanza kuhesabiwa. Karatasi nyingi zinasema inaanza siku ya kupangiwa kazi. Sentensi hiyo inaonekana ndogo. Lakini ukimaliza masomo, mfadhili akakaa mwaka mmoja na nusu bila kukupangia kazi, huku kontra ikikukataza kuajiriwa kwingine, ile mitano imekuwa sita na nusu, na huo mmoja na nusu umeula nyumbani kwa wazazi. Omba iandikwe kwamba hesabu inaanza siku matokeo yanapotangazwa, na kwamba zikipita siku 90 bila kupewa kazi, umekuwa huru na hudaiwi kitu. Mfadhili mwenye kazi ya kweli atakubali upesi.

Cha pili ni mshahara. Hapa kwetu jambo hili lina uchungu wake wa pekee. Sote tunawajua walimu na wauguzi wanaofanya kazi ya serikali miaka na miaka bila matrikile, bila mshahara wa serikali, wakiishi kwa prime ya hospitali inayotegemea wagonjwa wangapi wamelipa mwezi huo. Ukijifunga miaka mitano kwenye kituo cha namna hiyo, na kontra haitaji mshahara hata mara moja, umeahidi kufanya kazi kwa kiasi ambacho hakuna mtu amekiahidi. Neno la mdomo la daktari mkuu wa leo halimfungi daktari mkuu wa kesho. Kiandikwe kiasi cha chini kwa mwezi, na iandikwe kwamba miezi mitatu ikipita bila malipo, kifungo kimekwisha.

Cha tatu ni vita, na hapa nitakaa kidogo.

Tarehe 5 Septemba 2002, hospitali kubwa ya Nyankunde ilishambuliwa. Watu wengi sana waliuawa, wagonjwa wakiwa miongoni mwao. Hospitali iliporwa. Waliookoka walitembea kwa miguu siku nyingi kuelekea Oicha, upande wa Beni. Nyankunde haikuwa zahanati ya pembeni. Ilikuwa mahali ambapo wauguzi wa eneo hili walifundishwa kazi, na wengi wanaotutibu leo walipitia huko au walifundishwa na waliopitia huko. Kwa siku chache tu mahali pa kazi palikuwa pametoweka. Na msiniambie hayo ni ya zamani. Machi 2024, huko Drodro, watu wenye silaha waliingia hospitalini na mgonjwa akauawa kitandani mwake.

Kwa hiyo kontra inayosema miaka mitano katika kituo fulani, bila kusema itakuwaje kituo kikifungwa au kikikimbiwa, haikuandikwa kwa ajili ya Ituri. Sheria inatambua kwamba mtu hadaiwi fidia kwa jambo lililozuiwa na nguvu isiyozuilika. Lakini kuthibitisha hilo mahakamani kunahitaji wakili, na wakili anahitaji pesa, na mkimbizi wa vita hana pesa. Afadhali iandikwe mapema kwa lugha ya kueleweka: kituo kikifungwa kwa vita, miezi ya kusubiri inahesabiwa kuwa miezi ya kazi, na hakuna atakayelazimishwa kurudi mahali ambapo mfadhili mwenyewe amewaondoa watu wake. Nimesema mfadhili mwenyewe kwa makusudi. Kama gari lake haliendi huko, na afisa wake halali huko, msichana wa miaka 23 asidaiwe kulala huko.

Kuhusu kuondoka kabla ya muda, jambo la kutazama ni kama deni linapungua kadiri unavyofanya kazi. Katika mfano wetu, dola 2,700 kwa miaka mitano ni 540 kila mwaka. Aliyefanya mitatu amebakiza 1,080, na hiyo ni haki. Lakini zipo kontra zinazodai gharama zote, pengine mara mbili yake, hata kama umebakiza miezi sita. Thailand huwafunga madaktari wapya kwa miaka mitatu ya kazi ya serikali, na anayevunja ahadi analipa baht 400,000. Ni pesa nyingi, ila kila mwanafunzi anaijua tangu siku anayosaini, na anaweza kupima. Kinachoumiza ni faini isiyo na kiasi, ile inayosema "fidia itakayoamuliwa na uongozi".

Na kuna mambo mawili ambayo, nikiyaona, sijadili tena. La kwanza ni mfadhili kutaka kushika diploma yako halisi hadi miaka iishe. Bila hiyo karatasi utajiandikishaje kwenye Oda, utaombaje kazi au masomo zaidi? Deni la pesa linalipika, lakini mtu aliyeshikiwa diploma hana hata njia ya kutafuta pesa ya kulipa. La pili ni parsele ya wazazi kuwekwa dhamana. Mzee anasaini kama mdhamini akidhani anatoa ushahidi kwamba binti ni wake. Kumbe ameahidi kwamba binti asipolipa, atalipa yeye, na kiwanja chake kiko mashakani. Hapo mama na baba wana haki ya kusema hapana hata kama binti mwenyewe amesema ndiyo.

Najua jibu la wazee. "Mwanangu, utakataaje mkono unaokulisha? Saini kwanza, mengine tutaona mbele." Baba zangu, mama zangu, kwa heshima yote, hiyo "tutaona mbele" ndiyo inayowaumiza watu. Wapo wanaosaini wakijua moyoni kwamba siku ya diploma watavuka kwenda Kampala. Hospitali inabaki bila muuguzi na bila pesa, na mwaka unaofuata haimsomeshi mtu tena. Wagonjwa wa kijiji kile ndio wanaoibiwa. Anayekataa leo hajamwibia mtu.

Basi, kukataa kunafanywaje? Kwanza nenda mwenyewe, pamoja na mkubwa mmoja wa familia, ukaombe mambo manne yaandikwe: siku ya kuanza, mshahara, vita, na deni linalopungua. Wapo wafadhili watakaokubali, na hapo mazungumzo yatakuwa yamekuokoa na kukupa masomo. Wakikataa, usitoroke wala usizime simu. Usiseme unaumwa, maana uongo huo utakufuata hospitali zote za jimbo. Wakubwa wa afya hapa wanajuana. Andika barua ya nusu ukurasa. Shukuru, sema wazi sharti lipi umeshindwa kulikubali, sema kwamba uko tayari kuzungumza tena wakilibadilisha. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri na tarehe, urudi nayo nyumbani. Kama walishatoa pesa yoyote, hata nauli ya kwenda kuandikishwa, irudishe na udai risiti.

Na barua hiyo itoke mapema, kabla orodha haijafungwa na masomo hayajaanza. Mfadhili huwa na jina la pili chini ya lako. Huenda ni kijana wa kijiji kile kile chenye hospitali, ambaye mama yake anaishi huko na ambaye hata bila kontra angerudi huko. Ukikataa mwezi wa tatu wa masomo, nafasi hiyo imepotea kwa wote wawili. Ukikataa wiki hii, anaingia darasani yeye.