Malipo Yakiingia Pungufu: Omba Maelezo, Thibitisha Salio

Mada ya leo ni pesa zinazoingia benki zikiwa chini ya ankara.

Chukulia mkandarasi wa Likoni aliyekarabati mtaro. Ankara yake ni shilingi 500,000, na VAT ya asilimia 16, yaani 80,000. Jumla ni 580,000, lakini benki zimeingia 532,800. Zimepungua 47,200. Je, zote ni deni?

Taarifa ya benki haitamjibu, kwa sababu inaonyesha jumla tu. Anachohitaji ni karatasi ya maelezo ya malipo kutoka idara ya fedha ya aliyemlipa. Aiombe kwa maandishi, akitaja nambari ya ankara, nambari ya agizo la kazi, tarehe na kiasi kilichoingia.

Karatasi inapofika, inaonyesha kwamba kazi imeandikwa 480,000 badala ya 500,000. VAT yake ni 76,800, jumla 556,800. Kisha yamekatwa 14,400, ambayo ni asilimia 3 ya ushuru wa mapato, na 9,600, ambayo ni asilimia 2 ya VAT inayozuiliwa. Ukitoa hizo 24,000, zinabaki 532,800.

Basi 24,000 si deni. Ni ushuru uliokatwa kwa jina la mkandarasi, na aliyekata anatakiwa kuuwasilisha KRA ndani ya siku 5 za kazi. Vyeti vyake huonekana kwenye iTax. Visipoonekana, hilo ni ulizo la pekee.

Salio halisi ni 23,200: yaani 20,000 za kazi na 3,200 za VAT. Likilipwa, huenda likakatwa 600 na 400, na hapo mkononi zitafika 22,200.

Kabla ya kudai, atazame cheti cha ukaguzi wa kazi. Ikiwa mhandisi aliidhinisha 500,000, kosa ni la uandishi, na nakala ya cheti iambatanishwe na barua. Ikiwa aliidhinisha 480,000 kwa kuwa kipande cha mtaro hakijakamilika, mhasibu hana la kufanya. Mazungumzo ni na mhandisi.

Barua ya kuthibitisha salio yatosha kuwa hivi: “Kuhusu ankara iliyotajwa, jumla ni 580,000. Mmelipa na kukata ushuru kwa 556,800. Salio kabla ya makato ni 23,200. Tafadhali thibitisheni kwa maandishi na mtaje tarehe ya kulipa.” Nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ibaki kwake.

Asitoe ankara mpya ya salio hilo. Mauzo yale yale yatahesabiwa mara mbili, na VAT yake itadaiwa mara mbili. Ankara ya kwanza ndiyo inayoendelea kudai mpaka salio liwe sufuri.